Wasifu wa mpishi unaosomeka kama barua ya kuomba kazi

*Ndugu Mhariri,*

*Asalaam aleikum. Mimi ni mpishi wa shughuli hapa Tanga. Ukumbi mmoja ninaofanya nao kazi unachapa kijitabu cha kuwagawia watu wanaokuja kukodi, na kila mpishi ametakiwa aandike habari zake kwa maneno yasiyozidi 100. Jina na simu wataweka wenyewe hapo juu. Nimeandika hivi:*

*"Bi M. ni mpishi wa shughuli anayeishi Tanga. Ana uzoefu wa miaka 18 katika masuala ya mapishi. Alizaliwa Pangani na alipata elimu ya msingi huko. Amefanya kazi katika hafla mbalimbali zikiwemo harusi, hitima na mikutano. Anajishughulisha na utengenezaji wa vyakula vya asili vya pwani. Ana uwezo wa kuhudumia wageni hadi 800 kwa wakati mmoja. Ni mchapakazi, mbunifu na mwenye kuipenda kazi yake. Amefanikiwa kujenga jina zuri kwa wateja wake wote."*

*Mdogo wangu kaisoma akasema, "Dada, hii si wewe, hii ni barua ya kuomba kazi." Nikaongeza maneno mazuri mazuri, bado. Na uongo hamna ndani yake! Mimi upishi sikuusomea. Nilikuwa na miaka 17, harusi ya binamu yangu Pangani, wageni 200 wako njiani, mpishi aliyeahidi hakutokea, bibi akanisukuma kwenye sufuria la pilau huku nalia moshi. Tangu siku ile sijatoka jikoni. Mpaka leo viungo natwanga mwenyewe, vya paketi sivitaki, na pilau ya shughuli siipiki kwa gesi. Nikishaipalia siifunui, nasikiliza tu, najua imekauka. Sasa hayo nayo yanaandikwa? Naomba uniambie wasifu wangu umepungukiwa nini.*

*Mpishi wa shughuli, Tanga*

---

Waaleikum salaam, dada yangu.

Yanaandikwa. Kwa kweli hayo ndiyo ya kuandikwa, na nitakuonyesha yanavyoingia. Kwanza chukua kalamu uhesabu maneno katika kila sentensi ya wasifu wako. Utapata 8, 9, 8, 10, 9, 10, 8, 8. Kati ya sentensi fupi kuliko zote na ndefu kuliko zote pana tofauti ya maneno mawili tu. Msomaji wako hatahesabu, ana harusi ya kupanga, lakini sikio lake litakuwa limeshahesabu. Kufika sentensi ya tatu litakuwa linajua sauti itapanda wapi na itashuka wapi, na kuanzia hapo macho yanapita tu juu ya maandishi.

Lugha yetu inazidisha jambo hili. Karibu kila neno la Kiswahili tunalikazia silabi ya pili kutoka mwisho: ma-PI-shi, m-bu-NI-fu, PWA-ni. Mdundo wetu tayari umelingana kwa asili yake. Ukiongeza na sentensi zenye urefu mmoja, wasifu unageuka kuwa mwalimu anayeita majina darasani asubuhi, kila jina kwa sauti ileile, na wote tunajua alivyo mwalimu huyo.

Sasa tazama zinavyoanza. Ana, Ali-, Ame-, Ana-, Ana, Ame-. Sita kati ya nane zinaanza kwa "a" moja. Kosa si lako peke yako. Kitenzi chetu hubeba mtenda mwanzoni, na ukimwandika mtu mmoja kwa nafsi ya tatu, hiyo "a" inakufuata mlango hadi mlango. Wasifu karibu wote ninaoletewa kuhariri una safu hiyo upande wa kushoto. Ukiuandika kwenye karatasi, kila sentensi mstari wake, utaiona imesimama wima kama ilivyo.

Halafu rudi kwenye maneno uliyoniandikia mimi, yale ambayo hukuyaita wasifu. Sentensi inayoanza na "Nilikuwa na miaka 17" ina maneno 25. Inayofuata, "Tangu siku ile sijatoka jikoni," ina matano. Hukupanga. Ulikuwa unasimulia, na anayesimulia hukimbia palipo na mambo mengi, kisha husimama ghafla pale anapotaka asikilizwe. Kinachotakiwa ni kuipeleka pumzi hiyo kwenye kijitabu, kwa makusudi safari hii.

Sentensi ndefu na fupi hazipangwi kwa ajili ya kupamba. Kila moja ina kazi yake. Ndefu inafaa kubeba mwendo, yaani mambo yaliyofuatana au yaliyotokea kwa pamoja: wageni wako njiani, moto unawaka, mpishi haonekani, bibi anasukuma. Fupi inabeba lile lisilo na mjadala, na inakaa vizuri zaidi baada ya ndefu, kwa sababu msomaji amekuja na mwendo na anagonga kituo. Hapa Kiswahili kinatupa kitu adimu. Kitenzi chetu kimoja ni sentensi nzima. "Hakutokea" ina mtu ndani yake, ina wakati uliopita, ina ukanushaji, na haihitaji msaada wa neno lolote. Unaweza kusimamisha aya nzima kwa neno moja na mwalimu wa sarufi asiwe na la kusema.

Lakini usiende nyumbani ukazikata zote. Hilo ndilo kosa la pili la wanaoambiwa "andika kwa ufupi". Soma hii: "Alizaliwa Pangani. Alifunzwa na bibi. Alipika akiwa mdogo. Anaishi Tanga. Anapika pilau." Maneno mawili matatu kila moja, na imekuwa kitabu cha darasa la kwanza. Ulingano umebaki palepale, umeshuka tu kutoka maneno manane hadi matatu.

Na kuna urefu wa bandia. "Bi M. ambaye ni mpishi ambaye alizaliwa Pangani ambako alifunzwa na bibi yake ambaye naye alikuwa mpishi" ni sentensi ndefu kweli, ila haiendi popote, inajikunja tu kuelezea nomino moja baada ya nyingine. Urefu wenye mwendo tunaupata kwa -ka-. Akaja, akakuta, akasukuma, akakoroga. Kila -ka- inasogeza hadithi hatua moja mbele bila "ambaye" na bila "na". Wazee wetu wanaposimulia hawaombi ruhusa kwa "ambaye". Wanafungua kwa -li- moja, kisha wanaachia -ka- zitiririke. Chukua hiyo. Kwenye wasifu wa maneno 100, sentensi moja tu ya namna hiyo inatosha.

Kuhusu ile "a" ya mwanzoni, dawa ni kuanzia mahali pengine. Unaweza kuanza na wakati ("Leo hupikia..."), na mahali ("Pangani ndiko..."), au na kitu chenyewe unachokishughulikia: "Viungo huvitwanga mwenyewe." Hiyo ya tatu ndiyo naipenda kuliko zote, maana Kiswahili hakikulazimishi kuanza na mtenda. Ukikitanguliza kitu, kitenzi kinakishika kwa nyuma kupitia hiyo -vi-, na sentensi inasimama imara. Tena hu- yenyewe ni mlango wa kutokea. Haibebi nafsi, kwa hiyo haileti "a", na inasema moja kwa moja kwamba hili ni la kila siku na si la mara moja. Mteja wa shughuli anataka kujua ufanyavyo siku zote, ndiyo maana hu- inakufaa kuliko "amekuwa akifanya", ambayo ni ndefu na imechoka.

Tuingie kwenye vitenzi, maana hapo ndipo mdogo wako alipokushtukia.

Vitoe vitenzi vya wasifu wako uviweke peke yake: ni, ana, alizaliwa, alipata, amefanya, anajishughulisha, ana uwezo wa kuhudumia, ni, amefanikiwa kujenga. Sasa futa "mpishi", "mapishi" na "vyakula", weka "wakala wa bima", "bima" na "huduma". Vitenzi vyote vinabaki mahali pake bila kukwaruza popote. Hicho ndicho kipimo ninachokitumia kila mara: kama vitenzi vyako anaweza kuviazima mtu wa kazi nyingine bila kubadilisha hata kimoja, basi si vyako. Ni vitenzi vya ofisini, vinavyosema kwamba jambo lilifanyika bila kusema limefanyikaje.

Jikoni, dada yangu, ni mahali pa mwisho kabisa pa kukosa vitenzi. Mchele unachambuliwa, unapepetwa. Nazi inavunjwa, inakunwa kwenye mbuzi, inakamuliwa, tui linachujwa. Vitunguu vinamenywa na kukaangwa hadi vigeuke rangi. Sufuria linainjikwa, linapaliwa makaa, linaepuliwa. Chakula kinapakuliwa. Kila kimoja kina mkono wake na sauti yake, na msomaji aliyekulia nyumba yenye jiko anakiona kabla hajamaliza kukisoma. Wewe vyote hivyo umevizika chini ya "utengenezaji wa vyakula vya asili vya pwani". Maneno saba mahali ambapo kitenzi kimoja kingetosha.

Ukiona "utengenezaji wa", "ufanyaji wa", "utoaji wa", jua pana kitenzi kimefungiwa humo. Kifungulie. Na ukiona vitenzi viwili vimepandana, kama "amefanikiwa kujenga" au "ana uwezo wa kuhudumia", mara nyingi cha kwanza hakina kazi. Aliyejenga amefanikiwa tayari.

Hata hivyo weka vichache. Mtu akishaambiwa vitenzi hai, anarudi na wasifu ambamo mpishi "anarindima jikoni, anachachawiza viungo, anazipagawisha ndimi na kuzikonga nyoyo". Kitenzi hai hakihitaji kupiga kelele. Kinahitaji kuwa mahususi. "Kutwanga" ni neno la kawaida kabisa, hakuna asiyelijua, na bado linaonyesha kinu, mchi na mkono unaopanda na kushuka. "Kuchachawiza" haionyeshi chochote. Kwa maneno yasiyofika 100, vitenzi vitatu au vinne vya namna ya "kutwanga" vinatosha, na vilivyobaki viwe vya kawaida, ili hivyo vichache visikike.

Nimevitafuta vyako ndani ya barua yako. Cha kwanza ni *akanisukuma*. Hiki si cha mapishi, ila kina watu wawili, nguvu na uamuzi, na kinamweleza bibi yako kuliko "alinifunza" yoyote. Cha pili *natwanga*. Cha tatu ni kule kupalia, ambako anayepika wali wa shughuli anakujua na anayekula tu amekuona: makaa juu ya mfuniko, moto juu na chini. Cha nne ndicho kilichonisimamisha: *nasikiliza*. Mpishi anayelisikiliza sufuria! Maji yakiwa bado yamo, sufuria linatokota kwa sauti nzito; yakianza kwisha sauti inapungua, kisha inabaki michirizi ya mafuta pembeni. Wewe unaijua tofauti hiyo kwa masikio. Mteja akisoma hapo hahitaji tena kuambiwa kwamba wewe ni "mchapakazi, mbunifu na mwenye kuipenda kazi yake". Sentensi hiyo nzima tunaifuta. Sifa tatu ambazo kila mpishi kwenye kijitabu hicho atajipa, zitakuwa zimeandikwa mara kumi kabla msomaji hajakufikia wewe.

Sasa tujenge. Kwa kuwa jina lako litakuwa juu kama kichwa, hatulazimiki kuanza na "Bi M. ni". Tunaweza kuingia moja kwa moja kwenye harusi ile:

*Mpishi aliyeahidi hakutokea. Wageni 200 walikuwa njiani kuja harusini Pangani, moto umeshawaka, bibi akamsukuma mjukuu wake wa miaka 17 kwenye sufuria la pilau. Hajatoka jikoni tangu siku ile. Leo, miaka 18 baadaye, Bi M. hupikia harusi, hitima na mikutano Tanga mjini, hadi wageni 800 kwa mara moja. Viungo huvitwanga mwenyewe. Sufuria la pilau huliinjika juu ya kuni, hulipalia makaa, kisha halifunui: husikiliza tu, mpaka maji yanyamaze. Gesi hataki.*

Hesabu tena: 3, 20, 5, 19, 3, 16, 2. Tofauti ipo, na kubwa. Lakini isome kwa sauti mara mbili, utaona jambo. Fupi, ndefu, fupi, ndefu, fupi, ndefu, fupi. Imekuwa bembea. Sikio lililokuwa limechoka na ulingano sasa linaanza kukisia mzunguko mwingine, na likishakisia tumerudi tulikotoka. Hili hutokea sana mtu anapojifunza kubadilisha urefu: anabadilisha kwa zamu, kama anayepanga foleni. Mahali fulani inabidi sentensi mbili za wastani zifuatane, zipumzishe.

Pa kupumzikia ni katikati, kwenye habari za kazi zenyewe, ambako msomaji anataka kujua tu na hahitaji kushtuliwa. Wale wageni 800 tuwatoe kwenye sentensi ya nne, tuwaunganishe na kutwanga. Na tukiwaunganisha kitu kingine kinajitokeza, maana kutwangia viungo watu 800 si sawa na kutwangia familia.

Pana la pili. Nilipoandika "Gesi hataki" nilifurahia mlio wake, kisha nikarudi kwenye barua yako. Umesema *pilau ya shughuli* hupiki kwa gesi. Hukusema huna gesi. Mteja akija kwako akakuta mtungi unachemshia chai, ile sentensi nzuri imekuwa uongo mdogo, na atajiuliza na yale mengine. Sentensi fupi ina hatari hiyo: ni ya mkato, haiachi nafasi ya "isipokuwa". Kabla hujaiacha ichapwe, jiulize kama ingesimama mbele ya mtu anayekujua. Hii haisimami, na inaondoka. Kuni zimeshatajwa, zinatosha.

Badala yake mwishoni tuweke jambo ambalo anayekodi ukumbi atauliza kwa simu: je, huja na vyombo vyako? Kama jibu ni ndiyo, maneno matatu yanatosha. Kama siyo, weka lingine la kweli la aina hiyo, kwa mfano siku ngapi kabla unataka uambiwe idadi ya wageni. Hivi ndivyo ninavyopendekeza:

*Mpishi aliyeahidi hakutokea. Wageni 200 walikuwa njiani kuja harusini Pangani, moto umeshawaka, bibi akamsukuma mjukuu wake wa miaka 17 kwenye sufuria la pilau. Hajatoka jikoni tangu siku ile. Leo, miaka 18 baadaye, Bi M. hupikia harusi, hitima na mikutano Tanga mjini. Wageni hadi 800 huwamudu, na viungo vya wote hao huvitwanga mwenyewe. Sufuria la pilau huliinjika juu ya kuni, hulipalia makaa, kisha halifunui: husikiliza tu, mpaka maji yanyamaze. Masufuria huja nayo.*

Sasa ni 3, 20, 5, 13, 11, 16, 3. Jumla maneno 71. Wako wa kwanza ulikuwa na 70, kwa hiyo limeongezeka neno moja. Tumekuwa tukihamisha tu. Na hakuna sentensi hata moja inayoanza na ile "a".

Angalia kilichoondoka. Elimu ya msingi imeondoka, kwa sababu wanaopanga harusi hawaiulizii. Kuzaliwa Pangani kumegeuka kuwa mahali pa tukio badala ya kuwa mstari wa fomu. Kama unataka lazima isomeke kwamba ndiko kwenu, andika "harusini kwao Pangani", neno moja zaidi. "Jina zuri kwa wateja wake wote" limeondoka pia, maana hilo ni la wateja kusema, na "wote" ni neno ambalo mteja mmoja tu asiyeridhika analiangusha.

Angalia pia sentensi zinapoishia. Zako zilikuwa zinaishia kwenye "huko", "mmoja", "yake", "wote", maneno madogo ambayo sauti inapoyashukia haikuti kitu. Hizi zinaishia "pilau", "siku ile", "mwenyewe", "yanyamaze". Mwisho wa sentensi ndipo sauti inapokaa, basi usiweke hapo makombo.

Kuhusu "huliinjika": nimeiacha kwa sababu kijitabu ni cha Tanga na wapwani hawatakwama. Kama wanaokodi ukumbi huo wengi wanatoka bara, weka "hulibandika", wataelewa mara moja na sentensi haipotezi kitu. Kitenzi kinachomfanya msomaji asimame kuuliza maana si hai kwake, hata kama ni kizuri kwako. "Kupalia" ningekiacha kwa vyovyote, kwa kuwa makaa yametajwa palepale na yanajieleza.

Ukishauandika kwa mkono wako, usijisomee mwenyewe. Unaujua mno, utaweka vituo hata pasipokuwepo. Mpe mdogo wako ausome kwa sauti, yeye mwenye jicho la "hii si wewe", nawe usiangalie karatasi. Sikiliza mambo mawili: pale anapoanza kuimba kwa sauti moja, na pale pumzi inapomwishia kabla ya kituo. Pa kwanza pana sentensi mbili au tatu zilizolingana, vunja moja au unganisha mbili. Pa pili sentensi imezidi, na mara nyingi utakuta "ambaye" au "pamoja na" inayoweza kukatwa. Ile ya maneno 20 ataiweza, kwa sababu ina mikato miwili ya kupumulia. Ikimshinda, ondoa "moto umeshawaka".

Utaniuliza kama si bora useme "mimi". Kwa kijitabu cha wapishi wengi, fuata wenzako. Nafsi ya kwanza katikati ya za tatu itaonekana kama umekosea maelekezo. Kwenye tangazo lako binafsi sema "mimi" bila wasiwasi. Tena hapo kazi ni nyepesi, maana "nikasukumwa" ina joto zaidi ya "akamsukuma".

Ule wasifu wa kwanza nao usiutupe. Siku ofisi fulani ikitangaza tenda ya chakula cha mkutano, watakaokusoma watakuwa na karatasi ya alama mbele yao na watatafuta miaka, idadi na vyeti vya afya vya wapishi wako. Hao hawana shida na mdundo. Huko "Ana uzoefu wa miaka 18" ndiyo sentensi inayotakiwa, mahali pake, pa kuonekana haraka. Ila hata huko toa "masuala ya".

Kwa upande wa ukumbi, omba wakuonyeshe kabla hawajachapa. Wanaopanga vijitabu hupenda kunyoosha maandishi. Mtu ataiona sentensi ya maneno matatu hapo juu, atadhani imekatika, ataiunganisha na ya pili: "Baada ya mpishi aliyeahidi kutotokea, ambapo wageni 200 walikuwa njiani..." Ukikuta hivyo, warudishie kituo baada ya "hakutokea", kwa kalamu nyekundu, na uwaombe wasiongeze "ambapo" popote.